Nilivyoizeesha Sabuni ya Kinu

Nilipopewa kazi ya kuipima sabuni umri nilikuwa na miaka thelathini na moja, na nilikuwa najua kila kitu. Siku hizi najua machache zaidi, na mengi katika hayo niliyajua nikiwa nimechelewa.

Sabuni yenyewe ilikuwa imenizidi umri. Mche mrefu wa manjano, umepigwa muhuri wa kinu na mchi, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeita jina lililoandikwa kwenye katoni. Ilikuwa "ya kinu", basi. Mama yangu, Morogoro, alinifulia sare za shule kwa hiyo hiyo, na aliniogeshea hiyo hiyo, na nikipata chafya alinilaumu mimi wala si sabuni. Kwa hiyo nilipoajiriwa kiwandani Dar es Salaam, idara ya masoko, nilijiona kama nimeingia kwenye ukoo.

Walitufundisha chuoni, katika masomo ya jioni, kwamba bidhaa ina maisha. Huingia sokoni haijulikani, hukua, hupevuka, kisha hushuka. Ukiyachora mauzo yake kwenye karatasi unapata mlima: mpando, kilele kirefu cha tambarare, mteremko. Kila hatua ina dawa yake. Inayokua unaitangaza kwa nguvu na kuitafutia mawakala wapya. Iliyopevuka huigusi bei ovyo. Unawakumbusha watu kwamba ipo, unaikarabati kidogo, labda unaitolea ukubwa mpya, unalinda nafasi yake. Inayoshuka unaacha kuitumia fedha. Unapunguza matangazo, huinunulii mashine, unapandisha bei kidogo kwa wale wachache wasioweza kuiacha, unakamua kilichobaki na kukipeleka kwa bidhaa changa. Mwalimu wetu alikuwa akirudia hadi tukamchoka: kosa kubwa kuliko yote ni kumpa aliyepevuka dawa ya anayeshuka, maana atashuka kweli, na wewe utadhani ulikuwa na akili.

Nilipata alama nzuri sana katika somo hilo.

Mwaka 2013 kiwanda kilikuwa na fedha za jambo moja tu. Ama kubadilisha mashine ya kinu, iliyokuwa imechoka na kuanza kutoa miche yenye nyufa, ama kuingiza sokoni sabuni mpya ya unga ya kufulia. Mkuu wetu wa masoko, mama mmoja mwenye sauti ya pole na maswali magumu, aliniita ofisini. Alisema mauzo ya kinu yameshuka nchi nzima kidogo kidogo, lakini Kigoma, mahali ilipokuwa ikipendwa kuliko pote, yamedondoka. Alitaka mtu aende akaone kwa macho. "Nenda Kasulu na Kibondo," aliniambia. "Ukirudi uniambie jambo moja: imepevuka au inashuka. Mengine nitayamaliza mimi."

Sitasema uongo, nilifurahi. Tayari nilikuwa nimechora ile picha kutokana na mafaili ya ofisini, na mteremko ulikuwa mzuri kama wa kitabuni.

Kasulu asubuhi kuna baridi ambayo mtu wa Dar haambiwi akaamini. Nilifika nikiwa na shati la mikono mifupi, nikamkuta wakala wetu mlangoni pa ghala lake amevaa koti juu ya kanzu. Alikuwa mzee wa miaka sitini na ushei, mzaliwa wa pale pale, mwenye ndugu Ujiji na Bagamoyo. Uwakala wa kinu aliurithi kwa baba yake. Nusu ya ghala ilikuwa kinu. Nusu nyingine chumvi, mafuta, viberiti na madaftari. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniangalia mikono yangu yenye vipele vya baridi, akaingia ndani akaniletea koti jingine. Nililivaa siku zote nne nilizokaa Kasulu.

Alinipa daftari zake zote bila kuficha. Nilikaa kwenye magunia ya chumvi nikanakili mwezi kwa mwezi, miaka mitano. Katoni zilipanda, zikatulia, zikakaa hivyo muda mrefu, kisha mwanzoni mwa mwaka ule zikaanguka karibu theluthi. Nikamwonyesha mchoro. Nadhani nilimwonyesha kwa fahari, kama mtoto anayeonyesha mwandiko.

Aliutazama sana. "Mwanangu," akasema, "hapa pameanguka watu. Sabuni haijaanguka."

Akanieleza. Kambi ya wakimbizi ya upande wa Kasulu ilikuwa imefungwa mwisho wa mwaka uliotangulia, na Warundi waliokaa humo miaka na miaka wamerudishwa kwao. Hawakuwa wakinunua kwake moja kwa moja. Walinunua kwa wachuuzi, na wachuuzi walinunua kwake, ndiyo maana kwenye daftari hawakuonekana. Zilionekana katoni tu. "Wale walikuwa wanafua, wanaoga, wanazaa kama sisi," alisema. "Sasa wameondoka mara moja. Ukiwahesabu mwaka wa jana na usiwahesabu mwaka huu, utaona ugonjwa ambao haupo. Watoe pande zote mbili ndipo upime."

Niliandika. Nataka hilo lijulikane. Niliandika kwa kalamu nyekundu, nikapiga mstari chini.

Kisha nikaenda Kibondo. Binti yake mkubwa alikuwa na duka la rejareja karibu na soko, na mzee alinipeleka mwenyewe kwa lori lake, mguu mmoja kwenye klachi na mkono ukipungia kila mtu barabarani. Binti alikuwa mwanamke wa makamo, mcheshi, mwenye ulimi usiolala. Aliponiona na kalamu yangu alisema, "Baba, umeniletea mtu wa kodi?" Akacheka peke yake.

Kwa binti huyu ndipo nilipojifunza jinsi sabuni inavyouzwa milimani, na laiti ningelijifunza kwa moyo badala ya kwa daftari. Hakuna anayenunua mche mzima kwa ajili ya kufulia. Mche unalazwa juu ya kibao chenye misumari midogo pembeni, kila msumari alama ya kipande, na kisu kinapita. Vipande vinane. Mnunuzi anakuja na sarafu yake kiganjani, amekwisha kuihesabu tangu nyumbani, na sarafu hiyo ndiyo bei ya kipande mwaka huu na mwaka uliopita.

Nikamwuliza, "Na kiwanda kikipandisha bei?"

"Kaka yangu, kiwanda kinapandisha huko kwenu. Mimi hapa siwezi kumwambia mtu wa Kitahana aliyetembea toka asubuhi kwamba sarafu yake haitoshi. Nitafanyaje? Nitaongeza msumari." Akagonga kibao kwa mpini wa kisu. "Nitakata tisa. Na yeye hataniambia bei imepanda. Ataniambia kinu kimekonda."

Mche mzima ulinunuliwa kwa jambo moja tu: kwenda kumwona mzazi. Mwanamke akijifungua, jirani hawezi kuingia mikono mitupu, na katika vijiji vile mkononi ilikuwa kinu. Nilishinda pale siku mbili nikihesabu. Binti aliuza sabuni za aina tatu, na kinu peke yake ilizishinda zile mbili kwa pamoja. Nikamwuliza kama zile nyingine zimepanda tangu kambi ifungwe. Akasema nazo zimepungua, tena vile vile tu, kwa sababu wachuuzi wa kambini walikuwa wakichukua zote. Soko lote limepungua. Kinu imebaki na fungu lake lile lile.

Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi macho nilikuwa nayo mawili. Pale Kibondo nilikuwa nimeshika mkononi jibu lote: sabuni iliyopevuka, yenye watu wake, yenye mila iliyoisimamia, ambayo hesabu yake imeyumbishwa na jambo moja lisiloihusu. Dawa yake ilikuwa inajulikana. Usiguse bei. Wakumbushe watu. Tengeneza mashine.

Usiku wa kuondoka, wakala alinikaribisha ubwabwa kwa maharage nyumbani kwake Kasulu, na baada ya kunawa alisema ana ombi. Alikuwa amelifikiria miaka mingi. Alitaka kiwanda kitoe kinu katika vipande vidogo, kila kimoja na muhuri wake, ukubwa wa sarafu ile ile ya dukani. "Kipande chenye muhuri hakuna atakayekikondesha," alisema. "Hata mwanangu yule wa Kibondo. Na bei mkiigusa, mtakuwa mmempa yeye kisu cha kunichinjia. Mimi nimebaki na ghala hili tu, na ghala hili ni kinu. Utawaambia?"

"Nitawaambia, Mzee."

"Inshallah."

Bado nasikia nilivyosema. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

Sasa nifike kwenye aibu yangu, maana huko nyuma yote nilikuwa mtu mwema.

Ripoti niliiandika kwenye nyumba ya wageni, mjini Kigoma, nikingoja ndege. Kuwatoa wale wa kambini kwenye hesabu kulimaanisha kuanza upya. Ningelazimika kurudi kwa wachuuzi, niwaulize mmoja mmoja walikuwa wakipeleka kiasi gani kambini, nikadirie, nirekebishe miaka yote mitano, kisha nikasimame mbele ya wakubwa na mchoro usiopendeza, wenye mabano na makadirio na "yawezekana". Na mchoro wangu ulikuwa umekwisha. Nilikuwa nimeupaka rangi. Isitoshe, nilijua ofisini watu wanaiota sabuni ya unga. Makopo yake ya majaribio yalikuwa yamepangwa kwenye dirisha la mkuu, na kila aliyepita aliyashika. Anayeleta habari watu wanayoitaka hupandishwa cheo. Hili hawakutufundisha chuoni lakini kila mtu alilijua.

Mkuu alipiga simu kabla sijaondoka. Nilitoka nje kutafuta mtandao, nikasimama ukingo wa barabara. Nilimsomea muhtasari. Akauliza swali ambalo mtu mwenye kazi yake angeuliza.

"Huo mwanguko wa mwaka huu, hauna sababu ya mara moja tu? Barabara, kambi, ushuru, chochote?"

Ilikuwa nafasi yangu. Daftari lilikuwa mfukoni, na wino mwekundu ndani yake.

"Hapana, dada," nikasema. "Ni mteremko. Nimeuona mwenyewe."

Hapo ndipo niliposema uongo, na sikuwa na njaa, wala hakuna aliyenishikia panga. Niliogopa kuonekana sijamaliza kazi, basi. Maneno ya binti wa Kibondo na ombi la mzee niliyaweka mwishoni kabisa, kwenye ukurasa wa "maoni ya wauzaji", mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kufika akisoma. Kuhusu vipande vyenye muhuri niliandika mstari mmoja. Kuhusu kambi sikuandika hata mmoja.

Mambo yakaenda kama kitabu. Mwanzo wa 2014 bei ya katoni ikapandishwa. Ile nyongeza ya katoni ya bure ambayo mawakala walizoea kupata wakichukua mzigo mkubwa ikafutwa. Matangazo ya redio yakakatwa. Kuta zilizokuwa zikipakwa picha ya kinu kila baada ya mvua zikaachwa zibabuke. Mashine haikununuliwa. Ile kuukuu iliendelea kusaga, na miche ikazidi kutoka na nyufa, muhuri ukififia hadi kinu kikafanana na kikombe. Fedha zikaenda kwenye unga.

Na Kibondo, binti akaongeza msumari. Nilijua kwa sababu alinipigia kunitania. "Kaka, nimekata tisa," alisema. Miezi mitatu baadaye akapiga tena, bila utani: kumi. Wanawake walikuwa wakikishika kipande, wakikipima kiganjani, wakikirudisha. Hawakusema bei imepanda. Walisema kinu kimekonda, kinu kimekuwa cha ujanja, na mche wenye ufa hupeleki kwa mzazi, watu watakusema. Wakaanza kupeleka sabuni nyingine. Mila ya miaka mingi ilihama ndani ya msimu mmoja wa mvua, na ilihama kimya.

Mwishoni mwa mwaka ule mauzo ya Kigoma yalikuwa chini kabisa, karibu sawasawa na nilivyokuwa nimetabiri. Nilipongezwa. Mkuu alionyesha mchoro wangu wa mwaka uliopita kwenye mkutano, akauweka juu ya mauzo halisi, mistari miwili ikalingana. "Hivi ndivyo kazi inavyofanywa," alisema, na watu wakanipigia makofi, na mimi nikainuka nikainama kidogo. Nilipandishwa cheo. Hakuna aliyegundua kwamba mgonjwa alikuwa amekufa kwa dawa, na mimi nilikuwa na sababu zote za kutomwambia mtu.

Wakala alinipigia mara moja tu mwaka ule.

"Mwanangu, yale maneno yangu uliwafikishia?"

"Niliwafikishia, Mzee. Nilibishana nao sana. Hawakukubali."

Alipumua. "Alhamdulillahi. Basi umefanya la kwako. Allah akulipe."

Uongo wa kwanza niliusema kwa woga. Huu wa pili niliusema ili anipende, na nadhani ndio mbaya zaidi.

Mawakala waliokuwa wakichukua chini ya kiwango fulani waliondolewa ili kupunguza gharama za kusafirisha. Hiyo nayo imo katika dawa ya bidhaa inayoshuka, kupogoa matawi. Barua ya Kasulu ilipita mezani kwangu kwa sababu ya cheo kipya. Niliisaini. Ilikuwa na aya mbili na shukrani mwishoni. Baadaye nilisikia kwamba ameuza lori, kisha ghala, na amehamia Kibondo kwa binti yake. Kinu yenyewe ilizimwa miezi michache baadaye. Mashine ikauzwa chuma chakavu.

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mwaka 2015 Burundi ikachafuka tena, na watu wakaanza kuvuka. Walipita Nyabibuye, mpakani, walipita vijijini, wakiwa na magodoro vichwani. Mwisho wa mwaka kambi ya Nduta, kule Kibondo, ikafunguliwa upya kuwapokea. Ofisini kwetu mtu akasoma habari hiyo akaona soko. Nikatumwa nikaangalie kama sabuni ya unga inaweza kuuzwa kambini. Nilijaribu kukwepa, nikasema nina homa. Mkuu akasema Kigoma ni eneo langu, hakuna anayelijua kama mimi.

Sabuni ya unga haikuwa na kazi pale. Mtu anayefulia kwenye beseni moja na majirani watatu, maji yakiwa ya kupangia foleni, anataka kitu anachoweza kukishika, kukisugua pale penye doa, kukiweka pembeni. Nililiona hilo siku ya kwanza. Sabuni ya mgawo walikuwa wakipewa, lakini ilikuwa haiwafikishi mwisho wa mwezi, na waliokuwa na chochote cha kuuza walikuja mjini kununua kipande. Kinu ingekuwa na watu wake wote tena, na wapya juu yao. Niliwaza hivyo kisha nikaona haya kuwaza, maana watu wale walikuwa wamekimbia wakiacha maiti.

Nilikwenda dukani kwa binti asubuhi. Nilikuwa nimejiandaa kukaripiwa, ningekaripiwa ningeshukuru. Mzee alikuwa ndani, ameketi kwenye kigoda nyuma ya meza, amekonda, kofia ile ile. Yeye ndiye aliyekuwa akikata sabuni siku hizi, sabuni ya kiwanda kingine, ya buluu. Aliponiona aliweka kisu chini, akainuka kwa taabu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Umekumbuka kuja! Binti, mletee kaka yako chai."

Binti alileta chai. Hakunitania. Aliweka kikombe mbele yangu akarudi kwenye mizani yake ya sukari.

Palikuwa na foleni ya watu sita au saba, wengi wao wa kambini. Aliyekuwa mbele alikuwa mwanamke wa makamo, kitenge kimefifia, mtoto mgongoni ambaye kwa umri wa mama yule lazima alikuwa mjukuu. Alikiangalia kipande cha buluu alichokatiwa, akakirudisha mezani.

"Muzee, ile isabune ya kinu iko wapi? Mimi nilikaa Kasulu, kambini, miaka mingi. Tulikuwa tunatumia ile. Hata tuliporudi kwetu, watu walikuwa wanatuvushia, moja, mbili, tunagawana. Nimevuka nikisema, nikifika Tanzania ile nitaipata."

Nilishika kikombe kwa nguvu. Nilikuwa nimeandika kwamba watu wa kinu wameichoka. Kumbe walikuwa ng'ambo ya mpaka, wanagawana.

"Haipo tena, mama," mzee akamjibu. "Wenyewe wameacha kuitengeneza."

"Kwa nini? Ilikuwa na ubaya gani?"

"Haikuwa na ubaya. Wakubwa wa Dar waliona haina watu." Kisha akanigeukia, uso wake wote ukafunguka, akaniwekea mkono begani mbele ya foleni nzima. "Lakini huyu hapa, mwanangu huyu, ndiye aliyetupigania. Alikuja, alihesabu, alivaa koti langu mwenyewe. Akaenda akawaambia ukweli. Hawakumsikia tu."

Binti aliacha kupima sukari. Alinitazama moja kwa moja, muda mrefu, na nadhani alijua, maana yeye hakuwa mtu wa kudanganyika. Alikuwa akiningoja. Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa mawili tu: sikuwaambia, Mzee. Chai ilikuwa ya moto, nikainywa hivyo hivyo.

Yule mwanamke alihamisha sarafu yake mkono wa kushoto ili anipe wa kulia. "Imana iguhezagire," alisema, Mungu akubariki, kisha akarudia kwa Kiswahili akidhani sikumwelewa: "Mungu akubariki, baba, kwa kutuhangaikia."

Niliupokea mkono wake kwa mikono miwili, nikasema asante.